Video zilizotazamwa sana zikaingiza sufuri

Mwezi Oktoba mwaka jana dada mmoja wa Tanga mwenye chaneli ya mapishi alinipigia simu. Kazi yangu ni kusimamia chaneli za YouTube za watu wasio na muda wa kuzisimamia wenyewe. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, watu wanaotazama wameongezeka, mbona pesa haiongezeki?" Alikuwa ameshamaliza kuilaumu bei ya matangazo, akailaumu nchi wanayotoka watazamaji wake, akajilaumu na mwenyewe. Nilimwomba ruhusa ya kuingia kwenye YouTube Studio, ukurasa wa kuendeshea chaneli, na jibu nililikuta kwenye ripoti ya mapato iliyochambuliwa video kwa video: pesa ya baadhi ya video ilikuwa inakwenda kwa waliozidai hakimiliki. Ripoti hiyo wenye chaneli wengi hawaifungui. Wanautazama ule mstari wa jumla wa mwezi, na jumla huficha mengi.

Ripoti iko hapa. Ingia YouTube Studio, bonyeza `Analytics`, kisha `Advanced mode`. Utaona grafu juu na jedwali chini, kila video na mstari wake. Hakikisha jedwali limepangwa kwa `Content`, na miongoni mwa safu zilizopo iwemo `Views` na `Estimated revenue`. Kwenye tarehe, chagua mwezi mmoja kamili uliokwisha. Usichague maisha yote ya chaneli, na sababu utaiona mbele. Ukibonyeza kichwa cha safu ya `Views`, zilizotazamwa zaidi zinapanda juu. Shuka nazo taratibu huku jicho likiwa kwenye safu ya pesa. Video yenye watazamaji elfu tatu na pembeni yake imeandikwa `$0.00` haihitaji miwani kuiona.

Chaneli ikiwa na video nyingi, macho huchoka. Hapo natumia alama ya kupakua iliyo juu ya jedwali na kulipeleka Google Sheets. Mstari wa kwanza chini ya vichwa ni jumla, kwa hiyo video zinaanzia mstari wa tatu. Kwenye faili ya yule dada safu ya `Views` ilikuwa E na ya mapato ilikuwa H. Zako huenda zikawa na herufi nyingine kutegemea safu ulizoonyesha, kwa hiyo angalia kwanza. Kwenye karatasi mpya ndani ya faili hiyohiyo niliandika:

```
=FILTER(Data!A3:H, Data!E3:E>=1000, Data!H3:H=0)
```

`Data` ni jina nililolipa karatasi yenye jedwali. Kipimo cha 1000 nilikiweka makusudi. Video iliyotazamwa mara arobaini kwa mwezi inaweza kuonyesha sufuri bila kosa lolote, maana senti zake hazifiki kuandikwa. Iliyotazamwa mara elfu na kuendelea, halafu haina hata senti moja, ina sababu yake.

Septemba ile chaneli ilikuwa na video 214 kwenye jedwali, zimetazamwa mara 186,000 kwa jumla, na mapato ya makadirio yalikuwa dola 142. Kichujio kilinirudishia video 19. Zenyewe peke yake zilikuwa zimetazamwa mara 41,300, yaani zaidi ya moja ya tano ya utazamaji wote wa mwezi, bila senti.

Hapa watu huteleza. Sufuri haina maana moja. Kabla ya kusema "nimedaiwa", yaani mtu amedai hakimiliki ya kitu kilicho ndani ya video yako, lazima uthibitishe, na uthibitisho hauko kwenye ripoti ya mapato bali kwenye ukurasa wa `Content` wa Studio, safu ya `Restrictions`. Palipoandikwa `Copyright`, weka kishale juu yake, kisha ufungue maelezo. Utaona ni kipande gani kimedaiwa, kinaanzia dakika ipi hadi ipi, nani anadai, na dai linaifanya nini video: mapato yanakwenda kwa mdai, au video imezuiwa nchi fulani, au hakuna athari yoyote. Si kila dai linachukua pesa, ndiyo maana naanzia kwenye mapato kisha nakwenda kwenye madai. Ukianzia kwenye madai utapoteza siku nzima ukihangaika na yasiyokugharimu kitu.

Kati ya zile 19, nne hazikuwa na dai kabisa. Zilikuwa zimepakiwa na kijana aliyekuwa akimsaidia, na uchumaji mapato haukuwashwa. Hizo tuliziwasha kwa dakika mbili. Zilizobaki 15 zote zilikuwa na madai, na 11 zilikuwa na dai la aina moja: sekunde 12 za mwanzo, ule mlio wa kinanda unaofungulia kila kipindi chake, na mdai ni kampuni ya kusambaza muziki.

Dada alishangaa mno. "Huo mlio nilitengenezewa mimi! Nilimlipa yule kijana." Na ni kweli alimlipa. Tulimpigia kijana, mpiga kinanda wa Dar es Salaam, na habari ikafunguka yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amekusanya kazi zake zote, ukiwemo ule mlio aliourefusha ukawa wimbo mzima, akazipeleka kwa msambazaji ili ziingie kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha Content ID, naye akakiweka alama bila kujua kitafanya nini. Content ID ni mtambo wa YouTube unaolinganisha kila video na sampuli zilizowasilishwa na wenye haki. Ukikuta mlingano unaweka dai wenyewe, wala hakuna mtu aliyekaa kuisikiliza video. Haujui kwamba Fulani alilipwa na Fulani. Na haupitii video mpya tu, unarudi hata kwa za zamani. Sekunde 12 zikatosha kupeleka mapato ya video nzima ya dakika 18 kwa upande wa pili. Barua pepe za taarifa zilikuwa zimetumwa, lakini kwa anwani ya zamani ambayo dada haifungui.

Sasa ile sababu ya kuchagua mwezi mmoja. Kichujio changu kinakamata video zilizokuwa sufuri mwezi mzima tu. Video ya biriani ilikuwa na dola 3.20 za Septemba, kwa hiyo ilipita bila kuguswa, lakini ilikuwa imetazamwa mara 9,000. Niliigundua kwa kuongeza safu moja ya hesabu kwenye karatasi ya `Data`:

```
=H3/E3*1000
```

Hiyo inakupa mapato kwa kila mara elfu moja video inapotazamwa. Video nyingi za chaneli ile zilicheza karibu na dola moja. Biriani ilikuwa na senti 36. Tofauti kubwa namna hiyo kwa video ya urefu uleule na watazamaji walewale inakuomba uifungue. Nikaichagua peke yake kwenye `Advanced mode`, nikaweka mapato kwa siku, na grafu ikasema wazi: pesa inaingia kila siku hadi tarehe 9, kuanzia tarehe 10 mstari umelala chini, huku watazamaji wakiendelea kama kawaida. Taarifa ya dai, la mlio uleule, ilikuwa imeingia alfajiri ya tarehe 11 kwa saa za kwetu. Siku za ripoti zinahesabiwa kwa saa za Pasifiki za Marekani, zilizo nyuma yetu kwa saa kumi au kumi na moja, kwa hiyo usishtuke tarehe zikipishana kwa siku moja. Ningetazama ripoti ya maisha yote, biriani ingeonekana nzima kabisa, maana mapato ya miezi iliyopita yangelifunika pengo.

Kwa kukadiria kilichopotea sitafuti mambo makubwa. Nilizitoa zile 19, zikabaki mara 144,700 zilizoingiza dola 142, yaani senti 98 kwa kila elfu. Nikazidisha na 41.3 za upande wa pili: takriban dola 40 kwa mwezi. Ni makadirio tu, kwa sababu kila video ina watazamaji wake na matangazo yake, lakini yanatosha kukuambia kama jambo linafaa siku yako ya kazi.

Kwa yale madai 11 pamoja na la biriani hatukubonyeza kupinga. Watu wengi wakiona dai wanakimbilia kitufe cha `Dispute` kwa hasira. Tulikuwa na njia fupi zaidi: mwenye haki tunamjua, na yuko upande wetu. Kijana alimwandikia msambazaji wake ayaachie madai yale na kuiweka chaneli ya dada kwenye orodha ya chaneli zisizoguswa. Bila hilo la pili, kila kipindi kipya kingedaiwa upya.

Kama mdai angekuwa mtu asiyejulikana, tungepinga, na hapo siku zina uzito. Ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai liwekwe, YouTube inashikilia mapato tangu siku ya kwanza ya dai hadi shauri liishe. Ukichelewa, inashikilia kuanzia siku uliyopinga, na ya nyuma yameshakwenda. Mdai ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza dai linaanguka. Kwa hiyo ripoti hii inayosomwa mara moja kwa mwaka inakuonyesha tu ulichokwisha kupoteza. Mimi sasa naipitia kila Jumatatu kwa siku saba zilizopita, pamoja na kuangalia `Restrictions` siku hiyohiyo video inapopakiwa, kabla haijawekwa hadharani.

Madai manne yaliyobaki yalikuwa ya haki. Dada alipika kwenye harusi, na nyuma yake taarabu ikisikika safi kabisa kwa dakika nzima. Muziki si wake, na kuandika jina la mwimbaji chini ya video si ruhusa. Kupinga hapo ni kujitafutia balaa, kwa sababu ukishupaa hadi rufaa na mdai akakataa, anaweza kuomba video iondolewe, na hilo linakuja na onyo la hakimiliki kwenye chaneli. Tulifungua kihariri cha Studio na kukata sehemu hizo mbili tatu. Video ilibaki na anwani yake na watazamaji wake, na dai likaondoka. Moja hatukuweza: mapishi yote ya pilau yalisimuliwa juu ya wimbo, na kunyamazisha sauti kungemmaliza msimuliaji. Tuliiacha kama ilivyo. Bado inaleta wafuasi, na pesa yake inakwenda kwa wenye wimbo.

Msambazaji aliyaachia madai baada ya wiki mbili. Kwenye ripoti ya Novemba zile 11 zilikuwa na namba tena kwenye safu ya mapato, na biriani ilirudi karibu na dola moja kwa kila elfu. Ya miezi ya nyuma YouTube haikuyarudisha, kwani yalikuwa yameshalipwa. Yalionekana kwenye taarifa ya kijana kwa msambazaji, yakiwa yamekatwa asilimia ya msambazaji, naye alimtumia dada kwa simu siku aliyolipwa.