Kuepuka kodi, kukwepa kodi, na nani athibitishe

Barua alikuja nayo ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Ni mzee ninayemwita ami, ana kampuni ndogo inayouza vitambaa Darajani. Kabla hajakaa akaniuliza, "Mwanangu, wamenita mwizi?" Nikaisoma barua yote. Neno hilo halikuwamo. Kilichokuwamo ni makadirio ya kodi yaliyorekebishwa, yaani hesabu mpya ya kodi wanayosema anadaiwa, na hayo ni jambo jengine kabisa.

Jina lake silitaji na tarakimu nimezibadilisha, lakini umbo la kesi ni lile lile. Kampuni ilitangaza mauzo ya shilingi milioni 150 kwa mwaka. Wakaguzi walipochukua taarifa za benki wakakuta fedha zilizoingia ni milioni 240. Tofauti ya milioni 90 wakaihesabu kuwa mauzo yaliyofichwa, wakaipiga asilimia 30, ambayo ndiyo kodi ya mapato ya kampuni, ikatoka milioni 27.

Jambo la kwanza nililoangalia ni nani aliyeandika. Kwetu Zanzibar tuna mamlaka mbili za kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na pingamizi lake linakwenda kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa hapa visiwani iko chini ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, nayo ina sheria na njia yake. Barua ya ami ilikuwa ya TRA, na yote ninayoyaeleza hapa ni ya njia hiyo.

Sasa kuhusu neno lililomnyima usingizi. Kuepuka kodi ni kupanga mambo yako ili kodi ipungue huku kila unachokisema kikiwa kweli. Ukiamua kukopa badala ya kuongeza mtaji, na mkopo wenyewe ni wa kweli, umetumia nafasi iliyoachwa na sheria. Majaji wa Uingereza waliikubali haki hiyo miaka ya 1930, katika kesi ya Duke wa Westminster aliyegeuza mshahara wa mtunza bustani wake kuwa malipo aliyojifunga kwa hati ya kisheria ili apunguze kodi. Kukwepa ni kusema uongo au kuficha: kuuza bila risiti, kuweka daftari mbili, kutunga mkopo usiokuwapo. Mimi huwauliza wateja wangu swali moja tu: ofisa akiujua ukweli wote, kodi itabadilika? Ikiwa itabadilika kwa sababu kuna jambo ulilificha, hapo umekwepa.

Katikati pana eneo la tope. Nimeona duka moja, mlango mmoja, kapu moja la fedha, lakini leseni mbili, ya mume na ya mke, ili mauzo yaonekane madogo. Hakuna aliyedanganya jina wala tarakimu. Hata hivyo sheria inampa Kamishna uwezo wa kuutupa mpango usiokuwa na sababu ya kibiashara zaidi ya kupunguza kodi, akaihesabu biashara kama ilivyo hasa. Hapo utadaiwa kodi iliyopungua, lakini mpango ule peke yake haukufanyi mhalifu.

Tofauti hii ndiyo inayoamua nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Ukishitakiwa mahakamani kwa jinai ya kukwepa kodi, upande wa mashitaka ndio wenye kuthibitisha kosa lako pasipo kuacha shaka ya maana. Kwenye makadirio mambo yamegeuka. Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inasema wazi kwamba anayedai makadirio yamezidi au yamekosewa ndiye wa kuthibitisha. Watu wengi huiona hii kuwa dhuluma. Mimi siioni hivyo, kwa sababu daftari, mikataba na risiti ziko kwa mlipakodi, na TRA inaona tu fedha zilizopita benki. Afueni ni kwamba kipimo si kikali kama cha jinai: inatosha maelezo yako yawe na uzito kuliko yao.

Kwa hiyo ami kusema "zile si mauzo" hakukumsaidia kitu. Ilikuwa lazima tuoneshe ni nini, moja baada ya moja.

Muda wa kuweka pingamizi ni siku 30 tangu kupokea makadirio, na barua ilikuwa imeshakaa mfukoni siku 11. Tena pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kodi usiyoibishania au theluthi moja ya kodi yote, ile iliyo kubwa zaidi. Theluthi ya milioni 27 ni milioni 9. Ami alikiri kwamba milioni 15 hakumbuki zimetoka wapi, na kodi yake ni milioni 4 na nusu. Kwa kuwa 9 ni kubwa, alitakiwa alipe 9. Mwenye sababu nzuri anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe amana hiyo, lakini ombi lenyewe linataka ushahidi. Ami akalipa.

Tukakaa na taarifa za benki siku tatu. Milioni 35 zilikuwa ni fedha zake mwenyewe, zimetoka akaunti moja ya kampuni kwenda nyengine, na wakaguzi wamezihesabu kama fedha mpya. Tukaweka taarifa mbili ubavu kwa ubavu, tarehe ile ile, kiasi kile kile, tukapiga mstari wa kalamu nyekundu kutoka huku hadi kule. Ukurasa ule ulizungumza wenyewe.

Milioni 40 alisema ni mkopo wa ndugu yake aliyeko Maskati. Milioni 30 zilikuja kwa benki mara mbili, mkataba upo, na marejesho ya kila miezi mitatu yanaonekana. Milioni 10 zilizobaki zililetwa mkononi na shemeji yake alipokuja Idi. Hakuna karatasi hata moja.

Hapo ndipo jamaa mmoja aliyekuja kumsindikiza akasema, "Si tuandike mkataba, tutie tarehe ya mwaka ule?" Nikamwambia ami mbele yake kwamba kodi ya milioni 10 ni milioni 3. Mpaka sasa alikuwa mtu anayebishana na makadirio. Karatasi ile ikiingia kwenye jalada, anakuwa mtu aliyeghushi hati, na mkopo wa kweli wa milioni 30 nao utatiliwa shaka. Ami akanyamaza kidogo, akasema, "Mali bila daftari hwisha bila habari. Ziache."

Pingamizi letu halikulalamika kwamba kodi ni kubwa. Lilitaja kila fedha, sababu yake na kiambatisho chake. Kwa ile milioni 10 tuliandika ukweli wa ilivyofika, na shemeji akatoa kiapo. Kamishna akaleta pendekezo, tukalijibu ndani ya muda, kisha akatoa uamuzi. Milioni 35 na milioni 30 zikaondolewa. Zikabaki milioni 25, yaani zile 15 zisizokumbukwa na zile 10 za mkononi. Kodi ikawa milioni 7 na nusu, na kwa kuwa alishalipa 9, iliyozidi ikahesabiwa upande wake.

Angeweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi kupigania zile 10, na baada ya hapo Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambako husikilizwa hoja za sheria tu. Nilimshauri asiende. Ninaamini fedha zile zilikuwa mkopo, nilimwona shemeji akizungumza na sikuona uongo usoni mwake. Lakini kiapo cha jamaa wa karibu, bila risiti, bila tamko la forodha, bila hata rejesho moja, mbele ya Bodi kingekuwa chepesi mno.

Mwezi uliofuata ami alianza kumlipa ndugu yake zile milioni 10, laki 5 kila mwezi, kwa benki.