Mteja wa bodaboda hurudi kwa kilomita, si kwa ubovu

Fundi wa pikipiki anaweza kuuliza: “Nikiitengeneza pikipiki ikapona kabisa, mteja harudi; nitakula nini?”

Kinachomrudisha mteja ni uchakavu, ambao hauna fundi wa kuumaliza. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku, ikibadilishwa oili kila kilomita 2,000, inahitaji sevisi kila baada ya siku 20 hivi. Madereva kumi wa namna hiyo humpa fundi takribani sevisi 15 kwa mwezi, kabla hata injini moja haijaharibika.

Ili kazi hiyo isiende kwingine, fundi aandike daftarini namba ya pikipiki, simu ya dereva, kilomita na tarehe ya kurudi, kisha ampigie siku moja kabla. Pikipiki nyingi za biashara, kwa bahati mbaya, zina mita iliyokufa, kwa hiyo hapo ahesabu siku. Bei ya sevisi iwe moja, ikijumuisha oili, kukaza cheni, kurekebisha breki na kusafisha plagi, huku kipuri chochote kikilipiwa kando kwa makubaliano. Pesa ya oili itengwe jioni ileile, kwani mpango huu hufa haraka zaidi pale mteja anapofika na oili haipo.