Bakteria wa chunusi, chakula chake, na ukuta unaopasuka

Watu wengi hapa Dar es Salaam wanaosumbuliwa na chunusi huanza na jeli ya antibayotiki kutoka duka la dawa. Wiki tano au sita za mwanzo mambo huwa mazuri, kisha chunusi hurudi, na mtu huhitimisha kwamba aliuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa haikuwa feki. Ilimpunguza bakteria, lakini ikamwachia chakula chake na mahali pake pa kuishi vilevile kama vilivyokuwa.

Bakteria mwenyewe anaitwa Cutibacterium acnes. Si mgeni, wala hatoki kwenye taulo la mtu mwingine. Karibu kila mtu mzima anaye usoni, mwenye chunusi na asiye nazo, na ukihesabu idadi yao mara nyingi huoni tofauti kubwa kati ya sura hizo mbili. Tofauti iko zaidi kwenye aina ndogondogo za bakteria huyo zilizotawala, na jinsi ngozi ya mwenye nazo inavyojibu. Kwa hiyo swali la maana ni hili: imekuwaje mkaaji wa siku zote akageuka chanzo cha usaha?

Jibu liko ndani ya tundu la kinyweleo. Usoni, hasa kwenye paji la uso, pua, mashavu na kidevu, kila unywele mwembamba wa malaika umeota ndani ya tundu, na ubavuni mwa tundu hilo kuna tezi kubwa ya mafuta. Tezi hizi hulala kimya utotoni. Mtu anapokaribia kubalehe, homoni za androjeni huzikuza, nazo huanza kumwaga mafuta mengi. Ndiyo maana watoto wadogo wana bakteria hawa kidogo sana: hawana cha kuwalisha. Pia bakteria huyu hapendi hewa ya oksijeni. Tundu lenye mafuta mengi na oksijeni kidogo ndilo linalomfaa kuliko sehemu yoyote ya mwili.

Mafuta ya ngozi yanapotoka kwenye tezi, sehemu yake kubwa huwa ni trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizoshikwa pamoja na gliseroli. Bakteria hutoa kimeng'enya kinachoitwa lipesi, kinachokata hizo asidi na kuiachia gliseroli. Gliseroli wanaila, na katika kuila wanatoa asidi ya propioniki. Asidi za mafuta zilizobaki huenea tunduni na kuukera ukuta wake. Hapo ndipo tatizo linapojizungusha, maana ukuta uliokerwa hutengeneza seli nyingi zaidi, na seli hizo zinapokufa hazidondoki moja moja kama inavyotakiwa. Zinashikana, zinachanganyika na mafuta, na tundu linaanza kuziba.

Kizibo hiki cha mwanzo hakionekani kwa macho. Kinaweza kukaa wiki kadhaa kabla hujakiona kama kipele. Ukikitoa kizibo kilichokomaa na kukitazama kwa hadubini unaona tabaka juu ya tabaka za seli zilizokufa, mafuta yaliyoganda, unywele mmoja wa malaika uliojikunja, na katikati yake bakteria wengi wenye umbo la vijiti vifupi. Kama mdomo wa tundu umebaki wazi, ncha ya kizibo huwa nyeusi. Weusi ule si uchafu. Ni rangi ya ngozi yenyewe, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Kusugua kwa dodoki au kwa sabuni kali ya kuua vijidudu hakufiki huko. Kunachubua ngozi ya juu tu, na bakteria walio ndani hawaguswi.

Sasa tuje kwenye uvimbe. Seli za ukuta wa tundu zina vipokezi vinavyotambua gamba la bakteria. Vikishaguswa, seli hutoa kemikali za kuita kinga ya mwili, na chembe nyeupe za damu hukimbilia pale. Huu ndio mcharuko: mahali panavimba, panapata joto na panauma. Chembe nyeupe huja na vimeng'enya vyake vya kuvunja adui, lakini vimeng'enya hivyo havichagui. Vinadhoofisha na ukuta wa tundu pia. Ukuta ukipasuka, kila kilichokuwa ndani humwagika kwenye ngozi ya chini: mafuta, asidi, seli zilizokufa, unywele, bakteria. Mwili unayachukulia yote hayo kama vitu vya kigeni, na kipele kidogo kinageuka kinundu kigumu kinachouma kwa wiki nzima au zaidi. Hii ndiyo sababu ninapinga sana kutumbua chunusi. Unapobana kwa vidole viwili, usaha unaouona ukitoka juu ni sehemu tu. Presha ileile inasukuma sehemu nyingine chini, kupitia ukuta ambao tayari ni dhaifu.

Jambo moja ambalo picha nyingi za mafunzo zinatupotosha: zinaonyesha mcharuko kama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona kahawia iliyokolea, zambarau, au weusi wenye kung'aa. Tumia kidole: gusa taratibu, usikie kama pana joto, pamejaa, na panauma. Na usidhani chunusi imekwisha kwa sababu imelala, kwani mcharuko unazichochea seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na doa linaweza kubaki kwa miezi. Wagonjwa wengi wanalalamikia madoa kuliko chunusi zenyewe, lakini doa jipya haliwezi kuzuiwa kama mcharuko chini yake unaendelea.

Tuchukue mfano wa dada wa miaka 22 anayeishi Mbagala. Ana vipele vidogo vilivyofunga kwenye paji la uso, vichwa vyeusi puani, na chunusi kubwa zenye usaha mashavuni. Amepaka jeli ya antibayotiki ya klindamaisini peke yake kwa miezi mitano. Nywele zake anazipaka mafuta mazito kila siku na kuzivutia nyuma, na usoni anapaka mafuta ya nazi usiku. Hivi karibuni ameongeza krimu aliyopimiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi, kwa ajili ya madoa.

Klindamaisini ilimsaidia mwanzoni kwa sababu inapunguza bakteria na inatuliza mcharuko kiasi. Lakini haiondoi kizibo. Na ikitumika peke yake kwa muda mrefu, bakteria wanaoihimili ndio wanaobaki na kuzaana, na baada ya miezi michache dawa inakuwa kama maji. Huku nyuma, mafuta ya nywele yanateremka kwa jasho hadi kwenye paji la uso, na mafuta ya nazi yanaongeza kuziba. Ile krimu ya kikopo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Michanganyiko ya aina hiyo mara nyingi ina steroidi kali. Steroidi hutuliza uvimbe kwa siku chache, sura inaonekana safi, halafu vinatokea vipele vingi vya ukubwa mmoja, na ukiiacha ghafla vinalipuka. Vipele vilivyofanana hivyo, vyote vya rika moja, ni dalili ya kumfanya mtu aulize: unapaka nini?

Mpango wake unaanza kwa kuacha. Mafuta ya nazi usoni yanaachwa, mafuta ya nywele yanakaa mbali na paji la uso, na foronya na vilemba vinafuliwa. Krimu ya steroidi kama ameitumia kwa wiki nyingi anaiacha chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi, maana kipindi cha kuiacha kinaweza kuwa kigumu.

Kwa bakteria, mimi huchagua benzoili peroksaidi badala ya antibayotiki peke yake. Inaachia oksijeni hai ndani ya tundu, kitu ambacho bakteria huyu hajui namna ya kukizoea. Mpaka leo usugu dhidi yake si tatizo kama ulivyo kwa antibayotiki. Ya asilimia 2.5 inatosha. Ya asilimia 10 haiongezi faida ya maana, ila inaongeza kuwasha na kubabua, na ngozi nyeusi ikibabuka inaacha doa. Asubuhi anapaka tabaka jembamba kwenye uso uliolowa, anaacha dakika 2 hadi 5, anasuuza vizuri, kisha anapaka losheni ya kukinga jua isiyo na mafuta. Atumie taulo jeupe, kwa kuwa dawa hii inachuja rangi ya vitambaa.

Kwa kizibo, anatumia adapalini ya asilimia 0.1 usiku. Hii ndiyo inayozifanya seli za ukuta zidondoke moja moja badala ya kushikana. Ananawa, anasubiri uso ukauke kabisa, dakika 20 hivi, kisha anachukua kiasi cha punje moja ya njegere na kukisambaza uso mzima. Si kwenye chunusi tu: kizibo cha mwezi ujao kiko mahali ambapo leo hapaonekani kitu. Wiki mbili za kwanza anapaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Ngozi itakauka kidogo, na chunusi zinaweza kuongezeka wiki za mwanzo, kabla hazijapungua. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Hukumu ya dawa itolewe wiki ya 8 hadi ya 12, kabla ya hapo ni mapema. Adapalini haitumiki kwa mjamzito.

Kabla ya yote hayo, kuna swali moja la kumuuliza: vinawasha? Chunusi ya kawaida huuma zaidi ya kuwasha. Kama vipele vinawasha sana, vimefanana, vimejaa kwenye paji la uso, kifua na mgongo, na vinazidi msimu wa joto au baada ya antibayotiki, mshukiwa ni fangasi aina ya malasezia anayeishi kwenye matundu yaleyale. Huyo anatibiwa kwa dawa ya fangasi, na antibayotiki zinampa nafasi zaidi.

Wenye vinundu vikubwa na makovu wasipoteze miezi kwa dawa za kupaka. Waende kwa daktari wa ngozi wazungumzie vidonge vya isotretinoini. Dawa hiyo haiui bakteria moja kwa moja; inakausha tezi, mafuta yanapungua, na bakteria wanapungua kwa kukosa chakula. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba lazima kuwe na kipimo cha mimba kabla ya kuanza na kinga ya uhakika ya uzazi mpaka mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho, kwa sababu inalemaza mtoto tumboni.