Kuajiri jamaa katika kaunti za Kenya: dhana potofu na ukweli kuhusu pa kulalamika

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, karibu kila tangazo la nafasi ya kazi katika kaunti hufuatwa na mnong'ono kwamba nafasi hiyo tayari ina mwenyewe. Wakati mwingine mnong'ono huo ni wivu wa kawaida wa waliokosa, na wakati mwingine ni kweli tupu. Mfanyakazi aliyedhulumiwa, hata hivyo, mara nyingi hapotezi shauri lake kwa kukosa haki. Hulipoteza kwa kuamini mambo yasiyo ya kweli kuhusu sheria inakataza nini, alalamike wapi, na ana siku ngapi za kufanya hivyo. Makala haya yanahusu kaunti hasa, kwa sababu huko ndiko njia ya malalamiko ilikoandikwa waziwazi zaidi, na ndiko inakopotewa na watu wengi zaidi.

"Sheria hairuhusu ndugu wawili kuajiriwa na serikali moja"

Sheria haisemi hivyo. Mke wa daktari wa kaunti anaweza kuwa mwalimu wa chekechea katika kaunti hiyohiyo, na mpwa wa mjumbe wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ana haki ya kuomba kazi kama Mkenya mwingine yeyote. Kinachokatazwa ni undugu kuamua. Kifungu cha 73 cha Katiba ya 2010 kinamtaka afisa wa serikali afanye maamuzi bila kuathiriwa na upendeleo wa kindugu, upendeleo mwingine wowote, nia mbaya au ufisadi, na Kifungu cha 232 kinataka uteuzi na upandishaji vyeo vizingatie ushindani wa haki na sifa za mtu.

Swali la kwanza, basi, si kama aliyeteuliwa ni jamaa ya mkubwa fulani. Swali ni mkubwa huyo alikuwa wapi wakati uamuzi ulipokuwa ukifanywa. Mjumbe ambaye jamaa yake ameomba nafasi anapaswa kutangaza mgongano huo wa maslahi na kutoka katika kikao, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu. Ikiwa alikaa, akauliza maswali na kutoa alama, hapo pana kasoro ya kisheria hata kama jamaa huyo ni hodari. Ikiwa alitoka, na wenzake wakamchagua kijana huyo kwa alama za haki, mlalamishi hana pa kushika, hata kama kijiji kizima kinajua ukoo wao.

"Mwenye cheti kikubwa zaidi ndiye mwenye nafasi"

Hapa ndipo malalamiko mengi huvunjikia. Mlalamishi huandika kwamba yeye ana shahada na aliyeteuliwa ana stashahada tu, akidhani mambo yameisha. Kipimo cha sifa ni masharti yaliyomo katika tangazo la kazi pamoja na muundo wa utumishi wa kada husika, si urefu wa orodha ya vyeti. Tangazo likidai stashahada na uzoefu wa miaka 3, mwenye shahada asiye na uzoefu hajatimiza masharti, hata kama mahafali yake yalihudhuriwa na gavana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti inatangaza nafasi ya msimamizi wa bohari ya dawa, ikitaka stashahada ya ununuzi na ugavi na uzoefu wa miaka 3 katika kazi kama hiyo. Mwanamke aliyefanya kazi katika bohari hiyo kwa miaka 8, mwenye stashahada hiyo, anaomba na kuitwa kwenye usaili. Tarehe 3 Machi bodi inamteua kijana mwenye shahada ya biashara na uzoefu wa mwaka mmoja, ambaye ni mpwa wa mjumbe wa bodi aliyeketi kwenye jopo la usaili. Wenzake wanamwambia mama huyo anyamaze kwa sababu kijana "ana digrii". Wamekosea. Hoja yake nzito zaidi ni kwamba kijana huyo hakustahili hata kuwa katika orodha ya walioitwa, kwa kuwa hakuwa na stashahada iliyotajwa wala miaka iliyotajwa. Undugu unakuja baadaye, kama maelezo ya kwa nini kasoro hiyo ilifumbiwa macho.

Kuna mpaka mmoja unaopaswa kukubaliwa. Kifungu hichohicho cha 232 kinaruhusu kuzingatia uwakilishi wa jamii mbalimbali, wa wanaume na wanawake, na wa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Mtu anaweza kuzidiwa nawe alama chache na bado akateuliwa kihalali kwa sababu hizo. Kuwa mpwa wa mjumbe si mojawapo ya sababu hizo.

"Alama za usaili ni siri ya bodi"

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu ombi. Aidha, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inamruhusu aliyeathiriwa na uamuzi kuomba sababu zake kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kuzitoa ndani ya siku 30. Ikinyamaza, uamuzi huo huchukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu nzuri, hadi ofisi ithibitishe vinginevyo. Ukimya wa bodi, ambao watu wengi huuona kama ukuta, unaweza kumsaidia mlalamishi kuliko jibu lenyewe.

Ombi liwe fupi, nalo litaje vitu kwa majina: nakala ya tangazo, vigezo vilivyotumika kuchuja maombi, orodha ya walioitwa, jumla ya alama za kila msailiwa, na sehemu ya kumbukumbu za kikao inayoonyesha nani alitangaza mgongano wa maslahi. Anayeomba "faili lote" hujibiwa kwamba faili lina mambo ya faragha ya watu wengine, na jibu hilo mara nyingi lina ukweli ndani yake. Barua ipelekwe masijala, na nakala ya mlalamishi igongwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo, siku zote hizo hazina pa kuanzia kuhesabiwa.

"Nitaenda moja kwa moja mahakamani, au kwa Tume ya Maadili"

Hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaelekeza rufaa dhidi ya maamuzi ya ajira ya kaunti kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na kinataja kwa jina masuala ya kuajiri, kuteua na sifa za nafasi. Rufaa huwa kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi. Sheria ya Tume hiyo ya 2017 inaongeza kwamba mtu hawezi kufungua kesi mahakamani juu ya jambo ambalo Tume ina mamlaka ya kulisikiliza kabla hajaimaliza njia hiyo. Mahakama ya Rufaa nayo ilishikilia msimamo huo mwaka 2017. Mtu anayekimbilia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi na wakili ghali anaweza kuambiwa, baada ya miezi mingi, kwamba amebisha mlango usio wake, na wakati huo siku 90 zimekwisha kitambo. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiridhika kwamba mazingira yanastahili, lakini huo ni msaada wa kuombwa, si wa kutegemewa.

Turudi kwa mama wa bohari. Uamuzi ni wa tarehe 3 Machi, kwa hiyo siku yake ya 90 ni tarehe 1 Juni. Akipeleka ombi la habari tarehe 5 Machi, bodi ina hadi tarehe 26 Machi kumjibu. Isipojibu, bado ana zaidi ya miezi miwili, na asiitumie kungoja. Aandike rufaa kwa kilicho mkononi: tangazo, vyeti vyake, barua zake za utendaji, na nakala ya ombi lililopuuzwa. Katika rufaa ataje kwanza sharti la tangazo lililovunjwa, kisha uhusiano wa kijana na mjumbe wa jopo, na mwishoni anachotaka. Hapo pia awe mkweli. Akishinda, jambo analoweza kulitazamia zaidi ni uteuzi kufutwa na mchakato kurudiwa kwa haki, kwa maana jopo likishaharibika hakuna anayejua kwa hakika kama yeye ndiye angekuwa wa kwanza kati ya wote walioomba.

Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina kazi nyingine. Mlalamishi huiendea pale penye hongo, vyeti bandia, au afisa aliyetumia cheo chake kuwanufaisha watu wake, na huko anaweza kutoa taarifa bila kutaja jina. Tume hiyo huchunguza mtu na mwenendo wake, nayo haiketi kama jopo la rufaa la kurekebisha orodha ya walioteuliwa. Malalamiko mawili yanaweza kwenda sambamba, ila lile la Tume ya Maadili halisimamishi hesabu ya siku 90. Ni vilevile kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsmani: inafaa sana ofisi inapokataa kutoa habari au kujibu barua, na haitoshi peke yake uteuzi unapopingwa.

"Katika kampuni binafsi pia naweza kupinga ajira ya mpwa wa bosi"

Kwa kawaida hapana. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa misingi iliyotajwa, kama vile kabila, jinsia, dini, ulemavu na ujauzito, na kutokuwa jamaa ya mwenye kampuni hakumo. Mwenye duka anaweza kumkabidhi mwanawe kaunta. Milango inayobaki ni miwili. Wa kwanza ni pale undugu unapokuwa jina la adabu la ukabila, yaani kila anayepandishwa cheo anatoka jamii moja. Hapo kifungu hicho kinafanya kazi, na mwajiri ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wa pili ni mkataba: ikiwa makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au mwongozo wa wafanyakazi uliofanywa sehemu ya mkataba, unaahidi kwamba nafasi zitatangazwa ndani kwanza, mfanyakazi analalamikia ahadi iliyovunjwa. Huanza na utaratibu wa malalamiko wa kampuni, kisha afisa wa kazi au Mahakama ya Ajira, na barua yake inaweza kuandikwa yote bila neno "mpwa" kutokea hata mara moja.