Homa ya nguruwe ya Afrika haiji kwa upepo: funga njia ya nyama na njia ya papasi

Ninapoitwa kwenye banda ambalo nguruwe wanakufa mfululizo, swali la kwanza ninalouliza si kuhusu chanjo wala dawa. Nauliza: katika wiki tatu zilizopita, kuna nyama ya nguruwe yoyote iliyoingia humu? Mara nyingi wenyeji hutazamana kabla ya kunijibu.

Homa ya nguruwe ya Afrika inasababishwa na kirusi kinachoua karibu kila nguruwe wa kufugwa anayekipata katika hali yake kali. Hakuna dawa ya kuitibu. Binadamu haambukizwi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu nyama ya mnyama mgonjwa inaliwa bila mtu kuumwa huku mabaki yake yakirudi bandani. Daktari wa mifugo Montgomery aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, akiwa Kenya. Mwaka 1957 ulivuka bahari hadi Ureno, na chanzo kinachotajwa ni mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Mwaka 2007 ukaingia Georgia, na inaaminika ulishuka na mabaki ya chakula kutoka melini. Kirusi hakikupeperushwa hadi huko. Kilibebwa ndani ya nyama.

Sababu ya kubebeka kirahisi namna hiyo ni ugumu wake. Damu iliyowekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 imewahi kubaki na kirusi hai kwa miezi 18. Nyama iliyogandishwa hukitunza kwa miaka. Kuitia chumvi, kuianika au kuifukiza moshi hakutoi uhakika wowote, kwa kuwa kirusi huendelea kuishi humo kwa wiki au miezi. Kinachokiua kweli ni joto linalofika hadi katikati ya kipande na kukaa humo: nyuzi 60 kwa dakika 20 zinatosha, ila ni vigumu kujua kama ndani ya fupa nene joto limefika huko.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu makombo ya jikoni ni mkali: usiwalishe nguruwe kabisa. Nchi nyingi zimepiga marufuku, na zimefanya vizuri. Mfugaji asiye na chakula kingine, mahali ambapo sheria inaruhusu, ayachemshe kwa nyuzi 90 au zaidi kwa saa nzima huku akikoroga bila kuacha. Saa ihesabiwe tangu sufuria lote lilipoanza kutokota, maana lile la juu huchemka wakati mifupa ya chini bado ni vuguvugu. Jambo linalosahaulika ni ndoo. Ndoo iliyoleta makombo mabichi isibebe yaliyopikwa, na sufuria la kuchemshia likae nje ya uzio wa nguruwe. Nimeona chakula kilichochemshwa vizuri kikirudishwa kwenye ndoo ileile iliyokuwa na michuzi ya damu, na kazi yote ya saa nzima ikapotea kwa dakika moja.

Hebu tufuatilie ndoo moja kama hiyo. Chukua banda dogo lenye majike 2 na nguruwe 12 wa kunenepeshwa waliogawanywa vyumba 3. Siku ya kwanza ndoo ya makombo yenye vipande vya ngozi inamwagwa chumba cha kati. Nguruwe mmoja anameza kipande chenye kirusi. Ugonjwa huchukua kati ya siku 4 na 19 kujitokeza, kwa hiyo kwa siku 5 hivi hakuna kinachoonekana. Siku ya 6 nguruwe huyo anaacha kula na kulala pembeni. Siku ya 9 amekufa. Mwenye banda anadhani ni sumu au joto, kwa sababu wenzake wanaendelea kula. Siku za 10, 11 na 12 zinapita kimya, naye anapumua.

Kimya hicho ndicho kinachowadanganya wengi. Tumezoea kudhani kwamba ugonjwa hatari unaangusha banda zima kwa usiku mmoja. Huu mara nyingi huanza polepole, kwa kuwa kirusi kimejaa zaidi kwenye damu, na wenzake wanahitaji kugusana na damu hiyo, kinyesi au mzoga. Katika mfano wetu, mzoga ulikokotwa kupita mbele ya vyumba vyote, na koleo lililosafisha chumba cha kati likaingia kwa majike. Siku ya 16 wanaugua wanne kwa pamoja, mmoja wao ni jike lililoharibu mimba. Kufikia mwisho wa mwezi banda liko tupu. Kama nguruwe mmoja tu aliyekufa ghafla siku ya 9 angechukuliwa kuwa dalili, bado kulikuwa na nafasi ya kupata majibu ya maabara kabla ya jirani yeyote kuuziwa nguruwe wa kutoka hapo.

Basi pima joto. Nguruwe mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 na nusu. Akivuka 40 na nusu, ameacha kula na anajikunyata na wenzake, usisubiri masikio na tumbo kuwa mekundu. Kwa nguruwe weusi huenda usiuone wekundu huo kamwe. Wengine watatapika, wengine watahara damu, na wengine watakufa kabla ya kuonyesha lolote. Kuna magonjwa ya bakteria yanayofanana na haya kwa macho, kwa hiyo hata mimi sikati shauri bila sampuli ya damu. Mwite daktari wa mifugo na usimpasue mzoga, kwani ukimpasua unamwaga kirusi sakafuni. Na tafadhali usiuze waliobaki. Najua maumivu ya kuona akiba ya mwaka inayeyuka, na najua mchuuzi atakuja na pesa mkononi siku hiyohiyo. Lakini nguruwe anayeonekana mzima siku hiyo huenda tayari ana kirusi kwenye damu, na nyama yake ndiyo itakuwa ndoo ya banda linalofuata.

Mchuuzi, mchinjaji, jirani aliyekuja kuazima dume, hata mimi mwenyewe, wote tuna viatu. Dawa ya kukanyaga mlangoni inapendwa sana kwa sababu inaonekana, ila ndoo yenye maji ya tope haiui kitu. Uchafu huimaliza dawa kabla haijakifikia kirusi. Kinachofanya kazi vizuri na kwa gharama ndogo ni mabuti ya bandani yasiyotoka bandani. Weka kizingiti cha ubao au benchi mlangoni. Viatu vya nje vibaki upande wa nje, uketi, ugeuze miguu, uvae mabuti ya ndani. Mgeni asiye na sababu ya kuingia aongelee nje. Nguruwe mpya akae mbali na wengine kwa siku 30, ahudumiwe mwisho, kwa koleo lake.

Ukitaka dawa, kwanza kwangua kinyesi, osha kwa sabuni, suuza, acha pakauke. Kisha tumia klorini yenye nguvu ya kutosha: asilimia 2.3, ikae dakika 30. Dawa ya klorini ya kufulia yenye asilimia 5 ichanganywe lita moja kwa lita moja ya maji. Wengi huweka kifuniko kimoja kwenye ndoo, na hiyo ni harufu tu. Ukitumia kostiki soda, gramu 160 kwenye maji lita 20 inatosha kwa dakika 30. Iongeze soda kwenye maji, usimwage maji juu ya soda, na vaa glavu na miwani. Usichanganye dawa hizi mbili, wala klorini na dawa nyingine yoyote.

Sasa njia ya pili, ambayo wafugaji wengi hawaijui: papasi. Hawa si kupe wale wanaoning'inia kwenye ng'ombe kwa siku kadhaa. Papasi hujificha kwenye nyufa na vumbi la sakafu mchana, hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiozidi saa moja hivi na kurudi mafichoni. Ndiyo maana unaweza kuwakagua nguruwe wako kila asubuhi bila kumpata hata mmoja. Porini huishi kwenye mashimo ya ngiri, ambao hupata kirusi wakiwa wadogo bila kuugua. Ngiri wenyewe si waambukizaji wakubwa kwa kugusana. Papasi wao ndio daraja. Uzio unaomzuia ngiri asichimbe chini yake, na mizoga ya wanyama pori isiyoletwa karibu na banda, hulikata daraja hilo.

Shida inakuja papasi wakishahamia ndani ya banda. Wanaweza kukaa miaka bila kula. Nchini Ureno, papasi wa mabanda ya zamani ya mawe walikutwa bado na kirusi zaidi ya miaka 5 baada ya nguruwe kuondolewa, na mwaka 1999 ugonjwa uliibuka tena nchini humo katika shamba la aina hiyo.

Kuwatafuta, kwangua vumbi kutoka nyufa za ukuta na pembe za sakafu, litandaze kwenye shuka jeupe juani. Papasi akiguswa hujifanya amekufa, anafanana na punje ya udongo wa kahawia iliyokunjamana. Subiri joto lianze kumkera, atatembea. Midomo yake iko chini ya mwili, huioni kutoka juu. Dawa ya kunyunyizia haifiki ndani ya ufa, kwa hiyo tegemea saruji: ziba nyufa zote, piga lipu ukuta, weka sakafu laini isiyopasuka, na ondoa kuni na mawe yaliyorundikwa.

Haya ndiyo yanayoamua lini urudishe nguruwe baada ya msiba. Banda lisilo na papasi, likishasafishwa na mizoga kufukiwa chini ya angalau mita moja ya udongo, likae tupu siku 40. Kisha weka wachache tu, uwachunguze kwa wiki 6 kabla ya kuongeza. Ila kama shuka lilionyesha hata papasi mmoja, siku 40 hazina maana yoyote. Banda hilo libomolewe au lipigwe lipu upya lote, na kama kuta ni za udongo, mimi humshauri mwenyewe ajenge jipya mahali pengine bila kutumia mbao za lile la zamani.