Faktoria peke yake haikupi jibu: dhana potofu kuhusu nusukipenyo cha mkutano

Jumamosi asubuhi huwa nafundisha kikundi kidogo cha wanafunzi wa vyuo katika chumba cha kukodi pale Ngara, juu ya duka la fotokopi. Wengi hupanda ngazi wakiwa na karatasi za mitihani ya zamani walizotolewa nakala hapo chini dakika chache tu zilizopita. Karibu kila muhula mmoja wao hufika na mfululizo huu:

```
Σ n! xⁿ / nⁿ      (n = 1, 2, 3, ...)
```

Swali ni kutafuta nusukipenyo cha mkutano, yaani ule umbali R kutoka sifuri ambao, x ikiwa ndani yake, jumla isiyokwisha inatulia kwenye namba moja, na x ikiwa nje yake, jumla inatawanyika. Namba iliyosimama mbele ya xⁿ tunaiita kizigeu, na hapa kizigeu ni n!/nⁿ.

Nimeshasahihisha majibu ya aina tatu: sifuri, isiyo na mwisho, na 1. Yote matatu si sahihi. Jibu ni e, takribani 2.718, na kila kosa lina chanzo chake.

Dhana: penye faktoria, R ni sifuri au haina mwisho

Dhana hii inatokana na mifano miwili ambayo kila mtu huanza nayo. Katika Σ xⁿ/n! faktoria iko chini, inakua haraka kuliko kipeo chochote cha x, na jumla inakutana kwa kila x. Katika Σ n! xⁿ iko juu, na jumla inakutana kwa x = 0 pekee. Mwanafunzi anaondoka na kanuni kichwani: faktoria chini, R haina mwisho, faktoria juu, R ni sifuri.

Ukweli ni kwamba katika mifano hiyo faktoria haina mpinzani. Ikipata mpinzani wa ukubwa wake, matokeo hubadilika. Chukua mfululizo ambao kizigeu chake ni (2n)!/(n!)². Ukisogea kutoka n hadi n+1, juu zinaongezeka namba mbili za kuzidisha, (2n+2) na (2n+1). Chini pia zinaongezeka mbili, (n+1) mara (n+1). Uwiano wa kizigeu kimoja kwa kile kilichokitangulia ni

```
(2n+2)(2n+1) / (n+1)²  =  2(2n+1)/(n+1)  →  4
```

R ni kinyume cha kikomo hicho, kwa hivyo R = 1/4. Waweza kuuona uwiano huo kwa macho: vizigeu vyenyewe ni 1, 2, 6, 20, 70, 252. Ukigawanya 252 kwa 70 unapata 3.6, na ukiendelea unaikaribia 4 polepole. Faktoria tatu zimo ndani, na R si sifuri wala si isiyo na mwisho.

Kabla ya kutamka lolote, hesabu kila hatua inaongeza nini juu na nini chini. Upande mmoja ukizidi kwa kiasi kinachokua pamoja na n, hapo ndipo unapata sifuri au isiyo na mwisho. Pande zikilingana, R ni namba ya kawaida na itakubidi uitafute.

Dhana: 1/n inaenda sifuri, kwa hivyo uwiano unaenda 1

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi kuliko yote. Linampata hata mwanafunzi makini, kwa sababu aljebra yake huwa haina dosari hadi mstari wa mwisho. Tuifuate pamoja:

```
 (n+1)!       nⁿ        (n+1) nⁿ       (  n  )ⁿ        1
--------- · ------  =  ----------  =  (-----)   =  ----------
(n+1)ⁿ⁺¹      n!        (n+1)ⁿ⁺¹       ( n+1 )      (1 + 1/n)ⁿ
```

Mpaka hapo kila kitu ni safi. Wiki chache zilizopita binti mmoja wa mwaka wa pili alifika hapo ubaoni, akaandika 1, akaweka chaki chini. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa uhakika: "Mwalimu, 1/n inaenda sifuri, ndani inabaki 1, na 1 ukiipandisha kipeo chochote ni 1."

Alichofanya ni kuipeleka n ya ndani kwenye ukomo huku n ya juu ikimsubiri. Lakini ni n ileile, na zote mbili zinasafiri kwa pamoja. Namba ya ndani inapungua mpaka ikaribie 1, na wakati huohuo inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nyingi zaidi.

Nilimpa mfano wa mkopo. Chukua shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa mara moja mwisho wa mwaka, unadaiwa 2,000. Ikigawanywa kwa miezi 12 na kila mwezi riba ikaingia kwenye deni, unadaiwa 1,000 × (1 + 1/12)¹², yaani 2,613.04. Ikihesabiwa kila siku, kwa siku 365, ni 2,714.57. Riba ya siku moja ni ndogo mno, chini ya shilingi 3 siku ya kwanza, lakini hakuna mkopeshaji atakayekubali kuwa mwisho wa mwaka deni lako bado ni 1,000. Kwa hesabu ya yule binti, lingekuwa hilohilo. Deni hilo linaelekea 2,718.28, yaani 1,000 mara e.

Basi uwiano wetu unaelekea 1/e, na R ni kinyume chake, e. Ukitaka kujihakikishia mtihanini, tumia kikokotoo: weka n = 100 kwenye (1 + 1/n)ⁿ, utaona 2.7048. Kama mstari wako wa mwisho unasema 1, kikokotoo kitakuwa kimekuonya kabla ya msahihishaji.

Dhana: kipeuo cha n cha n! kinaenda 1, kama kile cha n

Wengine huacha uwiano na kutumia kipeuo cha n. Wanakumbuka, na ni kweli, kwamba kipeuo cha n cha namba n kinaelekea 1. Kisha wanadhani n! itafuata mkondo huohuo. Wakifanya hivyo, katika mfululizo wetu wanabaki na 1/n, inayoenda sifuri, na wanatangaza kwamba R haina mwisho.

Faktoria haiwezi kufanya hivyo, na sababu yake inaeleweka bila nadharia kubwa. Andika 1 · 2 · 3 · … · n. Angalau nusu ya namba hizo ni n/2 au zaidi. Kwa hivyo n! si chini ya n/2 iliyopandishwa kipeo cha n/2. Chukua kipeuo cha n pande zote mbili, na kipeuo cha n cha n! hakiwi chini ya kipeuo cha pili cha n/2. Hicho kinakua bila kikomo.

Kinakua kwa kasi gani? Tumeshajibu swali hilo bila kujua. Ipo kanuni kwamba uwiano wa vizigeu chanya ukiwa na kikomo, kipeuo cha n nacho kina kikomo, na ni kilekile. Uwiano wetu ulitupa 1/e, basi kipeuo cha n cha n!/nⁿ kinaelekea 1/e pia. Maana yake kipeuo cha n cha n! kinafanana na n/e, n ikiwa kubwa. Hilo napenda wanafunzi walione mara moja maishani: kikomo ambacho ukikivamia kwa vipeuo kinakutoa jasho, unakipata bure kupitia uwiano.

Ila kwa n ndogo usishangae. Kwa n = 10, kipeuo cha kumi cha 3,628,800 ni takribani 4.53, ilhali 10/e ni 3.68. Kwa n = 100 unapata 37.99 dhidi ya 36.79. Tofauti inazidi kupungua ukilinganisha na ukubwa wa namba zenyewe, lakini haina haraka.

Dhana: kipeuo ni cha n ya alama ya jumla

Hapa hata walimu huteleza. Kipeuo unachotafuta ni cha kipeo cha x. Angalia Σ n! xᵐ, ambapo m = n². Ukichukua kipeuo cha n cha n! utapata kitu kinachokua bila mwisho, na utaandika R = 0. Lakini n! imesimama mbele ya x yenye kipeo n², kwa hivyo kipeuo ni cha n². Kwa kuwa n! haizidi nⁿ, kipeuo chake cha n² hakizidi kipeuo cha n cha n, na hicho kinaenda 1. Wala hakishuki chini ya 1. Kwa hivyo R = 1.

Ukitilia shaka, gawanya kiungo kimoja cha jumla kwa kilichokitangulia, pamoja na x yake. Unapata (n+1) mara x yenye kipeo 2n+1. Weka x = 0.9: viungo vinaendelea kukua hadi n = 12, na mtu asiye na subira ataapa kwamba jumla inatawanyika. Baada ya hapo vinaanza kushuka, na havirudi juu tena.

Kwa sababu hiyohiyo, Σ n! x²ⁿ/nⁿ haina R = e. Ni x² inayopaswa kuwa chini ya e, basi R ni kipeuo cha pili cha e, takribani 1.65.

Dhana: uwiano ukikosa kikomo, R haipo

R ipo daima. Chukua kizigeu (2 + (−1)ⁿ)ⁿ: n ikiwa shufwa ni 3ⁿ, ikiwa witiri ni 1. Uwiano unarukaruka na hautulii kamwe. Cauchy alishaitatua hali hii mwaka 1821, na Hadamard akaifikia upya mwaka 1888: chukua kipeuo cha n, na kikiwa na vikomo zaidi ya kimoja, tumia kilicho kikubwa zaidi. Hapa vikomo ni 3 na 1, basi R = 1/3.

Dhana: ukishapata R = e, umemaliza

R haisemi lolote kuhusu ukingoni penyewe, x = e na x = −e. Katika mfululizo wetu njia ya uwiano inatoa 1 kamili pale, na haitusaidii. Lakini tazama uwiano wenyewe kabla ya kikomo: ni e/(1 + 1/n)ⁿ. Lile deni la mkopo halifiki e hata siku moja, linaikaribia kutoka chini tu, kwa hivyo uwiano huo uko juu ya 1 kwa kila n. Viungo vinakua: 2.72, 3.69, 4.46, na kuendelea. Jumla ambayo viungo vyake haviendi sifuri haiwezi kutulia. Kwa x = −e ni viungo vilevile vikibadilishana alama, na havitulii vilevile. Jibu kamili la lile swali ni −e < x < e, bila ncha zote mbili.