Je, wajua kwa nini swali moja la LRU, kanuni ya kuchagua ukurasa wa kutoa kumbukumbu ya kompyuta ikijaa, huwapa wanafunzi majibu mawili?

"Mwalimu, tulipewa mfuatano 1 2 3 1 4 1 2 5 1 2 na fremu tatu, tuhesabu hitilafu za kurasa kwa LRU. Mimi nimepata 7, mwenzangu 6. Nani amekosea, na wapi?" – Mwanafunzi, Maseno

Mwenzako amepatia. Hata bila kuona karatasi yako, naweza kukuambia kalamu ilipoteleza: kwenye ombi la tano, 4 ilipoingia, ulifuta 1. Ulipaswa kufuta 2. Wanafunzi ninaokaa nao hapa Kisumu kabla ya mitihani huteleza papo hapo, na chanzo chake ni ombi la nne, ambalo wengi hulipita haraka kwa sababu halina hitilafu.

Tuanze mwanzo. Fremu, yaani nafasi za kurasa kwenye kumbukumbu, ziko tupu, kwa hiyo 1, 2 na 3 zinaletwa kutoka diski moja baada ya nyingine. Kila ukurasa unaoombwa ukiwa haumo ni hitilafu moja: hapa ni hitilafu tatu. Hizi nazo zinahesabiwa, isipokuwa swali liseme vinginevyo. Kisha inaombwa 1, nayo tayari imo. Hapa ndipo wengi huandika alama ya "ipo" na kusonga mbele. Lakini ombi hilo limebadilisha kitu. LRU hutoa ukurasa uliokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa, na 1 imeguswa sasa hivi. Iliyosahaulika kuliko zote ni 2. Ukiacha 1 ibaki mbele kwenye foleni ya kutolewa eti kwa kuwa iliingia kwanza, umeshahamia FIFO, ambayo huangalia nani aliingia mapema na haijali nani ametumiwa. FIFO kwenye mfuatano huu hutoa 7 barabara: inafukuza 1 kwenye ombi la tano, halafu inalazimika kuirudisha kwenye ombi la sita.

Jedwali lenyewe huchangia kosa hili. Tumezoea kuchora fremu kama visanduku visivyosogea, na ukurasa ukiwemo tunanakili safu iliyopita jinsi ilivyo. Karatasi haionyeshi kwamba kuna lililobadilika. Mimi huwaambia waandike kurasa kwa mpangilio wa matumizi, iliyoguswa sasa juu, iliyosahaulika chini:

```
Ombi      1  2  3  1  4  1  2  5  1  2
Juu       1  2  3  1  4  1  2  5  1  2
Kati      -  1  2  3  1  4  1  2  5  1
Chini     -  -  1  2  3  3  4  1  2  5
Hitilafu  *  *  *     *     *  *
```

Ukurasa unaoombwa hupanda juu kila mara, uwe ulikuwemo au umeletwa. Ukiletwa mpya na nafasi zimejaa, wa chini ndiye anayetoka. Tazama ombi la nne: hakuna nyota, lakini safu imepangika upya, na 2 imeshuka chini ikingoja kutolewa. Kama mtahini anataka visanduku visivyosogea, chora vyake, ila weka safu hii pembeni ikuongoze.

Unaweza pia kukagua jibu bila jedwali. Kwa kila ombi, rudi nyuma hadi mara ya mwisho ukurasa huo ulipoombwa, uhesabu kurasa tofauti zilizo katikati. Kwa fremu tatu, zikiwa mbili au pungufu, ukurasa bado umo. Zikifika tatu, umeshatolewa. Kwa mfano 2 ya ombi la saba: tangu ombi la pili zimepita 3, 1, 4 na 1 tena. Hizo ni kurasa tatu tofauti, basi ni hitilafu. Ile 1 inayojirudia huhesabiwa mara moja tu, na mtu akisahau hilo hesabu huharibika.

Napenda sana ukaguzi huu kwa sababu unajibu pia swali linalofuatia mara nyingi: fremu zikiwa nne, itakuwaje? Kikomo kinapanda hadi kurasa tatu katikati, kwa hiyo 2 ya ombi la saba inaokoka na hitilafu zinabaki 5. Kilichokuwa ndani kwa fremu tatu hakiwezi kukosekana kwa nne, na ndiyo maana kuongeza fremu hakuzidishi hitilafu za LRU kamwe. FIFO haina kinga hiyo. Mtafiti Belady na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1969. Jaribu 1 2 3 4 1 2 5 1 2 3 4 5: FIFO ina hitilafu 9 kwa fremu tatu, na 10 kwa nne. LRU, kwa mfuatano huo huo, inashuka kutoka 10 hadi 8.